Bei ya mwaka mzima na dola isiyotulia: namna ya kutuomba tukakubaliana

Mwezi uliopita afisa ununuzi wa hospitali moja binafsi hapa Dar es Salaam alinipigia simu. "Dada, bodi yangu inataka bei moja ya tona za printa, Januari hadi Desemba. Isiguswe. Dola ikipanda, hilo ni la kwenu." Nikamuuliza watachukua tona ngapi kwa mwaka. Akasema hilo hawezi kuahidi, wataleta oda kadiri mahitaji yatakavyojitokeza.

Ombi lake si baya. Hospitali ina bajeti, na bajeti haiwezi kubadilishwa kila shilingi inapoyumba. Mkataba wa mwaka wa namna hii, ambao wengi wanaujua kwa jina la mkataba maalumu, umewekwa kwa kazi hiyo hasa: bei na masharti mnayakubali mara moja, kisha mzigo unaitwa kidogo kidogo kwa oda. Shida ni kuomba bei isiyobadilika na idadi isiyojulikana kwa pamoja. Kama sijui utachukua kiasi gani, siwezi kununua mzigo mapema kwa dola ya leo. Nitaununua kwa dola ya siku ile utakayoagiza, na nikuuzie kwa bei ya Januari.

Nimfungulie msomaji bei yenyewe, kwa mfano wa namba nyepesi. Tuseme tona moja ni shilingi 150,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, na siku tunasaini dola ni shilingi 2,500. Ndani ya bei hiyo, 100,000 inafuata dola, yaani ni sawa na dola 40: bei ya muuzaji wa nje, meli, na ushuru. Wateja wengi hudhani ushuru ni wa shilingi kwa sababu unalipwa kwa shilingi. Lakini forodha huanza kwa kubadili thamani ya mzigo kutoka dola kwenda shilingi, kwa hiyo dola ikipanda ushuru nao unapanda. Zile 50,000 zilizobaki ni za hapa nyumbani: ghala, gari, mishahara, na faida yetu, ambayo hapa tuiweke 12,000.

Sasa dola ifike 2,700. Imepanda asilimia 8, lakini bei haina sababu ya kupanda asilimia 8, kwa kuwa mshahara wa dereva wetu haukupangwa kwa dola. Kinachopanda ni ile sehemu ya 100,000, inakuwa 108,000. Muuzaji akikuletea barua ya kuongeza 12,000 kwa sababu ya dola, mwombe akuonyeshe mgawanyo huu. Ila nawe utazame upande wa pili: kama bei imefungwa kabisa, zile 8,000 zinatoka kwenye faida ya 12,000. Theluthi mbili imekwisha, na bado hujanilipa.

Mwaka 2023 tulisaini bei ya kufunga kabisa na shule moja. Shilingi ilikuwa ikishuka mwaka mzima, na dola zenyewe zilikuwa adimu benki. Kufikia robo ya tatu, shule ikiagiza tona 30 tulikuwa tunapeleka 10 na kusema mzigo uko bandarini. Mkataba haukuvunjwa kwa barua, ulivunjika kwa mwendo huo. Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia kwa msambazaji yeyote aliyebanwa na bei: mzigo unakuja nusu nusu, siku za kusubiri zinaongezeka, kisha anakuomba akuletee tona mbadala za kampuni nyingine. Bei kwenye karatasi haijabadilika, lakini wewe unakwenda kununua dukani kwa fedha taslimu.

Msambazaji mwenye uzoefu hujikinga kabla, kwa kuongeza ndani ya bei kiasi cha kufidia hatari ya dola kupanda. Ningempa yule afisa bei ya kufunga ya 160,000 na nisingemweleza kwa nini. Akichukua tona 300, amelipa milioni tatu za kinga, dola ipande isipande. Na dola hushuka pia. Kenya, Januari 2024, dola ilifika takriban shilingi 160 za huko, na kabla Machi haijaisha ilikuwa karibu 130. Aliyefunga bei ya mwaka ile Januari alijifungia kwenye kilele. Kwetu pia, Oktoba 2024 dola ilikuwa juu ya 2,700, Desemba ikateremka hadi karibu 2,400, na Aprili 2025 ilikuwa imeshavuka 2,600 tena.

Kwa hiyo nilimpendekezea hivi. Bei ni 150,000, na msingi wake ni dola kwa 2,500. Dola ikicheza kati ya 2,400 na 2,600, bei haiguswi na hakuna anayemwandikia mwenzake barua. Ikitoka nje ya mipaka hiyo, tunarekebisha kile kilichovuka tu, na kwa sehemu ya dola peke yake. Ikifika 2,700 imevuka mpaka kwa shilingi 100. Zidisha kwa dola 40, ongezeko ni 4,000. Bei inakuwa 154,000, na zile 4,000 nyingine nazibeba mimi. Ikishuka hadi 2,300, hesabu ni ileile na bei inakuwa 146,000. Kipengele kinachopandisha tu bila kushusha usikisaini, hata kikitoka kwetu.

Dola ya nani? Hapa ndipo ugomvi huzaliwa. Andikeni kwamba ni ile inayotangazwa na Benki Kuu, safu ya wastani, na mchukue wastani wa mwezi mzima badala ya siku moja. Marekebisho yafanyike mwanzo wa robo mwaka tu, na oda iliyokwisha kutolewa ibaki na bei yake. Mimi nanunua dola kwa bei ya benki ya biashara, ambayo huwa juu kidogo, na hiyo tofauti iko kwangu. Bei ya mkataba yenyewe iwe ya shilingi, kwa kuwa Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za 2025 zinakataza kutangaza bei za ndani ya nchi kwa dola. Mwanasheria wenu asome kipengele cha marekebisho kabla ya kusaini.

Yule afisa alirudi na jambo zuri zaidi ya nililotarajia. Bodi ilikubali kuahidi tona 60 kila robo kwa miezi sita ya kwanza. Kwa ahadi hiyo naweza kununua tona 120 kwa mkupuo na kuziweka ghalani, maana tona iliyofungwa haiharibiki haraka. Bei yake kwa nusu mwaka nikaifunga kweli, bila mipaka wala marekebisho. (Kwa vitendanishi vya maabara nisingethubutu, vina tarehe ya kuisha.) Miezi sita inayofuata inakwenda kwa ule utaratibu wa mipaka.

Tulibishana zaidi kwenye malipo. Walizoea kulipa baada ya siku 90. Siku 90 ni muda wa kutosha dola kupanda kabla sijarudi sokoni kujaza nilichokuuzia, na bei yoyote tuliyoifunga inakuwa imefunguka upande wangu. Tulimaliza kwa siku 30, na oda mpya haitoki ghalani kama ankara ya nyuma imepita siku 45.

Ukitaka bei ya mwaka kutoka kwetu, tutumie oda zako za miezi 12 iliyopita, kiasi cha chini unachoweza kuahidi hata kama ni kidogo, na siku zako halisi za kulipa, zile za kwenye benki na si za kwenye sera. Tutakujibu kwa bei iliyogawanywa: sehemu ya dola na sehemu ya shilingi.