Malalamiko kuhusu ripoti ya miezi mitatu ya tovuti yetu

Msimamizi,
Nyumba ya wageni,
Shela, Lamu.

7 Julai 2025

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni iliyotutengenezea tovuti,
Mombasa.

Bwana Mkurugenzi,

MINT: RIPOTI YENU YA MIEZI MITATU NA ANKARA YA AWAMU YA MWISHO

Nimepokea ripoti yenu pamoja na ankara ya Sh40,000. Ukurasa wa kwanza unasema tovuti "imefaulu kupita matarajio" kwa kuwa imetembelewa mara 4,180 kati ya tarehe 1 Aprili na 30 Juni. Sikubaliani na ripoti hii, na ankara hiyo haitalipwa kwa sasa. Sababu nazieleza hapa chini, kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu tumeshazungumza vya kutosha na kila mara mazungumzo yanarudi kwenye hizo 4,180.

Matarajio mnayosema yamepitwa si yetu. Mwezi wa Februari, kabla ya kutia saini, niliwaandikia barua pepe nikaeleza tovuti hii tunaitakia nini, nanyi mkajibu, "Sawa, tumeelewa." Nilisema wazi kwamba shida yetu si kujulikana. Nyumba yetu ya vyumba sita inaonekana tayari kwenye mitandao ya mawakala, na wageni wengi wanatoka huko. Shida ni kwamba kila mgeni anayepitia kwa wakala anatukatisha kamisheni ya asilimia 15. Tulitaka tovuti itakayomfanya mgeni atuandikie sisi wenyewe kwenye WhatsApp, akubaliane nasi bei, atume arubuni kwa M-Pesa au kwa benki. Hilo ndilo lengo, na ni moja tu.

Hesabu yake pia niliwapa. Chumba chetu ni Sh9,000 kwa usiku na mgeni wa kawaida analala siku tatu, kwa hiyo bukingi moja ni Sh27,000 na kamisheni yake ni Sh4,050. Tovuti imetugharimu Sh120,000, na kuihifadhi mtandaoni ni Sh15,000 kwa mwaka. Ili irudishe gharama zake ndani ya mwaka mmoja, inapaswa kutuletea bukingi 34 ambazo zisingekuwa na kamisheni. Mwaka jana tulipata bukingi 190 kwa jumla, na 40 tu kati ya hizo zilikuwa za Aprili hadi Juni, maana hiyo ni miezi ya mvua na kusi, na nyumba nyingi hapa Shela hufungwa kabisa. Basi sehemu ya miezi hiyo katika zile 34 ni 7. Nikaandika: zikifika 7, tovuti imefanya kazi na tunaendelea; zikiwa kati ya 4 na 6, tunakaa pamoja tuone pa kurekebisha; zikiwa 3 au pungufu, haijafanya kazi. Niliyaandika haya mapema makusudi, ili Julai ikifika pasiwe na wa kuvutia kamba kwake.

Julai imefika. Kwa mujibu wa daftari letu la wageni, ni 3. Katika ripoti yenu yote sikuliona neno bukingi.

Sasa tuzitazame hizo 4,180, maana ndizo mnazojivunia. Mpwa wangu aliyesomea kompyuta alinifungulia Google Analytics tukaangalia ziara zimetoka miji gani. Zaidi ya 3,100 zimetoka Marekani, na karibu zote ni Ashburn, kule Virginia, na Boardman, kule Oregon. Hiyo ni miji yenye maghala makubwa ya kompyuta, na ziara za namna hiyo kwa kawaida ni za programu zinazozunguka mtandaoni zenyewe, si za watu. Muda waliokaa kwenye ukurasa unasoma sekunde sifuri au moja. Hakuna mtu anayetafuta pa kulala Lamu akatosheka kwa sekunde moja. Nyingine mia tatu na kitu ni za Mombasa, nyingi za wiki ya kwanza, saa za kazi, na ofisi yenu ndiko iliko. Ziara za mtengenezaji mwenyewe huchujwa zisihesabiwe, hamkuzichuja. Zinabaki kama 750 hivi ambazo naweza kuamini ni za watu, wengi wao wakiwa Nairobi, Uingereza, Ujerumani na Italia, jambo linalolingana na wageni tunaowaona wakishuka gatini.

Ziara 750 si haba. Nyumba ya vyumba sita haihitaji watu elfu nne. Kwa hiyo swali la maana lilikuwa: hawa 750 walikwama wapi? Ripoti yenu hailigusi, na jibu lake si gumu kulipata. Fungueni tovuti kwa simu ya kawaida, kwa bando, si kwa waifai ya ofisi. Kwanza inakuja video ya jahazi, nzuri sana, ya megabaiti 18, na skrini inabaki nyeupe mpaka ianze kucheza. Ukivumilia, unateremka picha baada ya picha. Bei haipo popote. Kitufe cha WhatsApp kipo chini kabisa, baada ya historia ya nyumba na ramani, na kwenye simu ndogo nusu yake imefunikwa na tangazo la kukubali vidakuzi. Mgeni aliyeko Nairobi anayetaka kujua kama Ijumaa kuna chumba, na ni shilingi ngapi, ataondoka zamani arudi kwa wakala, ambako bei na tarehe ziko juu.

Na hapa kuna kosa linaloniudhi kuliko mengine. Google Analytics hunakili yenyewe mtu anapobonyeza kiungo cha kutoka nje ya tovuti, na WhatsApp ni mojawapo. Tukio hilo linaitwa `click`, na ukilipanga kwa `link_domain` unaona `wa.me` imebonyezwa mara ngapi. Tulipoingia sehemu ya Explore kulitafuta, tukakuta Mei na Juni tu. Aprili haipo. Sababu ni kwamba mpangilio wa `Data retention` mliuacha kwenye `2 months`, kama unavyokuja, ilhali ungewekwa `14 months` siku ya kwanza bila malipo yoyote. Ripoti za jumla zinabaki, lakini uchambuzi wa namna hii ukishafutwa haurudi, na kubadilisha mpangilio leo hakuifufui Aprili. Mtu aliyeahidi kutoa tathmini ya miezi mitatu ameweka kumbukumbu ya miezi miwili. Sijui niliite jambo hilo nini.

Katika miezi hiyo miwili iliyobaki, kitufe kimebonyezwa mara 11. Bukingi zetu zote 3 za tovuti ziliingia katika miezi hiyo hiyo. Hesabu ni ndogo na mtu asiapie, ila inaonyesha upande: wakishatuandikia, wanakuja. Kwa mwendo huo, kufikia 7 tungehitaji kubonyezwa kama mara 26. Kazi iliyobaki basi si kuleta watu zaidi, kama mnavyopendekeza kwa kututaka tununue matangazo. Ni kuwafikisha waliopo kwenye kitufe.

Mmoja kati ya hao watatu alituona kwanza kwa wakala, akalitafuta jina letu, akaingia kwenye tovuti, akatuandikia. Kijana wenu aliniambia kwa simu kwamba huyo "si wa tovuti." Ni wa tovuti. Lengo letu lingekuwa kupata wageni wasiotujua, ningekubaliana naye. Lengo letu ni kuokoa kamisheni, na kamisheni ya mgeni yule imeokolewa. Nawaeleza haya kwa urefu kwa sababu bila kukubaliana juu ya lengo hata kuhesabu mpaka tatu tutashindwa.

Mwisho wa ripoti mmependekeza tathmini ya pili ya Julai hadi Septemba, ilinganishwe na Aprili hadi Juni, na mkipita mlipwe bakshishi. Hilo halikubaliki. Agosti hapa vyumba hujaa hata kwa mwenye nyumba asiyejua mtandao ni nini. Mtalinganisha msimu wa wageni na miezi ya ukame wa biashara, kisha kusi ikitulia mseme ni kazi ya tovuti. Hata kulinganisha na miezi ile ile ya mwaka jana kunataka uangalifu. Pasaka mwaka jana ilikuwa tarehe 31 Machi, mwaka huu ikaja 20 Aprili. Idi ya kumaliza Ramadhani mwaka jana ilikuwa Aprili, mwaka huu ikaangukia mwisho wa Machi. Jumla ya wageni inapanda na kushuka kwa mambo kama hayo. Ndiyo maana tangu mwanzo niliwaambia tuhesabu mgeni amepitia wapi, si wageni wamekuwa wangapi.

Ninayotaka ni haya. Video itolewe, iwekwe picha moja nyepesi. Bei za misimu yote miwili ziandikwe juu, pamoja na kitufe cha WhatsApp kinachobaki mbele ya macho mgeni anapoteremsha ukurasa. Kitufe hicho kiwe na ujumbe ulioandikwa tayari, kama nilivyoomba Februari, ili anayepokea simu ajue papo hapo mgeni ametoka kwenye tovuti bila kumuuliza:

```
https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=Habari%2C%20nimeona%20tovuti%20yenu
```

Namba yetu mnayo. Wageni wengine watafuta maneno hayo wakaandika yao, najua, kwa hiyo daftarini tutaendelea kuuliza na kuandika. Kumbukumbu ziwekwe miezi 14, ziara za ofisi yenu na za kwetu zichujwe, na ripoti ijayo ianze na namba tatu tu: watu waliobonyeza kitufe, walioandika, na waliotuma arubuni. Mbili za mwisho tutawapa sisi kila mwisho wa mwezi.

Kazi hiyo ikikamilika kabla ya tarehe 31 Julai, miezi mitatu mipya itahesabiwa Agosti hadi Oktoba. Kiwango hakitakuwa 7 tena, maana msimu ni mwingine: mwaka jana miezi hiyo ilikuwa na bukingi 56, na kwa hesabu ile ile sehemu yake ni 10. Zikifika 10, Sh40,000 mtazipata wiki hiyo hiyo. Zisipofika, tutafuata kifungu cha mkataba kinachohusu kazi isiyokamilika. Matangazo hatununui, na bakshishi haimo katika makubaliano.

Nasubiri jibu lenu kwa maandishi kabla ya tarehe 14 Julai, likisema kama mnakubali lengo hili na viwango hivi, kabla fundi wenu hajagusa chochote.

Wako mwaminifu,

Msimamizi,
Nyumba ya wageni, Shela.