Mhariri, hizo "kesho ni mapumziko" zenu

Mhariri,

Nimekusoma miaka mingi bila kukuandikia hata mstari, lakini ile habari yenu ya sikukuu za ghafla imenishinda. Mmeandika "serikali yatangaza mapumziko", basi. Kasaini nani? Imetoka wapi? Kimya.

Mwenzenu yalishanikuta. Nilirushiwa kwenye grupu picha ya tangazo, nembo ipo, muhuri upo, saini ipo, nikazima alamu nikalala. Saa nne bosi anapiga, uko wapi wewe? Kumbe tangazo ni la kweli kabisa, ila la mwaka uliopita, kuna mtu kakata pale juu penye mwaka ndo akalisambaza, na mimi nisingeumbuka kama ningetazama kalenda tu maana lilisema Jumatatu wakati tarehe ile safari hii iliangukia Jumatano! Nikakatwa siku moja na barua ya onyo juu.

Sisemi kila la ghafla ni feki. Chukua Kenya, 31 Oktoba 2024. Mahakama inaondoa amri iliyozuia Kithure Kindiki kuapishwa kuwa naibu rais, kiapo kinapangwa kesho yake, na hapo hapo inatangazwa kwamba Ijumaa tarehe 1 Novemba ni sikukuu. Nani angeitangaza wiki moja kabla wakati kesi bado iko mahakamani? Sheria yao inamruhusu waziri wa mambo ya ndani kuongeza siku kwa tangazo la gazeti rasmi la serikali, bunge halisubiriwi. Sasa utamu uko hapa: waziri aliyezoeleka kusaini matangazo hayo alikuwa Kindiki mwenyewe, kwa hiyo safari hii likatoka kwa Musalia Mudavadi aliyekuwa anakaimu wizara. Mjuaji anayekagua jina kwa mazoea angeapa ni feki. Ndo maana unauliza nani anashika hicho kiti leo, siyo nani alisaini mara ya mwisho, halafu unaenda mwenyewe kwenye ukurasa wa wizara au gazeti rasmi, siyo kwa linki uliyotumiwa.

Na kingine, mnachanganya maombolezo na mapumziko. Alipofariki Magufuli, Machi 2021, Tanzania ilitangaza siku 21 za maombolezo, lakini za mapumziko zilikuwa mbili tu. Bendera kupepea nusu mlingoti haikufungii ofisi.

Kwa hiyo mkiandika tena, wekeni kiboksi pembeni: jina la aliyesaini na cheo chake cha siku hiyo, namba ya tangazo, siku na tarehe pamoja. Nafasi mnayo, ile nyota mnayotabiria watu kila Jumamosi inakula robo ukurasa. Mkishindwa, nawatumia ile barua yangu ya onyo muichape badala yake.

Msomaji wenu wa zamani, niliyekatwa siku