Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Mkoa wa Katanga ya Juu: mfupa ulio karibu kuvunjika uhesabiwe dharura

Lubumbashi

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni daktari wa upasuaji wa mifupa hapa mjini. Ninakuandikia kwa sababu ya mama mmoja wa mtaa wa Kenya ambaye paja lake lilivunjika akiwa tayari kwenye orodha yetu ya operesheni.

Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ametolewa titi kwa ajili ya kansa. Alipona, akarudi sokoni kuuza unga na samaki wakavu. Halafu mguu wa kuume ukaanza kumuuma, juu ya paja, kwanza usiku, kisha mchana. Kituo cha afya kimoja kikamwambia ni rimatizimu, akapewa sindano na vidonge. Cha pili kikapiga picha ya goti, na goti halikuwa na neno. Miezi miwili ikapita hivyo. Aliponifikia alisema sentensi moja ambayo ingetosha kumtia mtu hofu: “Munganga, nikilala inatulia. Nikikanyaga chini, iko sawa kisu inaingia ndani ya mfupa.”

Kansa nyingi zikihama hupenda mifupa, lakini tano ndizo tunazokutana nazo zaidi: ya titi, ya tezi dume, ya pafu, ya figo, na ya tezi ya shingo. Zikifika mfupani hazitoboi zenyewe. Huziamsha seli za mwili ambazo kazi yake ni kula mfupa wa zamani, na seli hizo hula bila kusimama. Ile ya tezi dume mara nyingi hufanya kinyume: huujaza mfupa chokaa ngumu isiyo na mpango, ndiyo maana kwenye picha sehemu hiyo huonekana nyeupe badala ya nyeusi. Na picha ya kawaida huchelewa sana kusema. Mfupa lazima upoteze karibu theluthi moja hadi nusu ya madini yake ndipo shimo lionekane. Kwa hiyo mtu aliyewahi kuugua kansa, ambaye maumivu yake yanaamka anapokanyaga, hafai kurudishwa nyumbani kwa sababu tu picha moja imetoka safi, hasa ikiwa ni picha ya goti wakati ugonjwa uko nyongani. Maumivu ya nyonga na paja mara nyingi huenda kujitangaza gotini.

Tulipiga picha ya paja zima, kutoka nyonga hadi goti. Chini kidogo ya nundu ndogo ya juu ya paja, ile tunayoiita trokanta ndogo, palikuwa na shimo jeusi lililokuwa limekula nusu ya unene wa mfupa. Pale ndipo uzito wote wa mwili unapopinda ili kuingia mguuni. Kila hatua hupaletea mzigo unaozidi uzito wa mtu mwenyewe mara kadhaa.

Sasa, Mheshimiwa, kuna njia ya kuhesabu hatari hiyo, na haihitaji mashine yoyote zaidi ya picha na mazungumzo. Daktari Hilton Mirels aliichapisha mwaka 1989. Alifuatilia vidonda 78 vya mifupa mirefu, yaani sehemu zilizoingiwa na kansa, ambavyo vilikuwa vimetibiwa kwa mionzi peke yake bila kutiwa chuma. 27 kati yake vilivunjika ndani ya miezi 6. Akauliza vilitofautiana vipi na vile 51 vilivyobaki. Akapata mambo manne, na kila moja akalipa alama 1 hadi 3.

Nitakuonyesha kwa huyu mama. Kwanza, mahali: mkono ni 1, mguu ni 2, na eneo la trokanta ni 3. Yeye alipata 3. Pili, maumivu: madogo 1, ya wastani 2, na yale yanayoamka mtu anapoutumia mguu 3. Kisu chake kile kilikuwa 3. Tatu, sura ya kidonda: cheupe kilichojazwa 1, mchanganyiko 2, cheusi kilicholiwa 3. Chake kilikuwa cheusi, 3. Nne, ukubwa: chini ya theluthi ya unene wa mfupa 1, kati ya theluthi moja na mbili 2, zaidi ya hapo 3. Nusu ni 2. Jumla 11 katika 12.

Mirels alishauri hivi: ukifika 9 au zaidi, tia chuma kabla mfupa haujavunjika. Ukiwa 7 au chini, tumia mionzi na dawa, na umfuatilie mgonjwa. Katika wagonjwa wake, alama 8 zilibeba hatari ya asilimia 15 ya kuvunjika, na alama 9 asilimia 33. Mama alikuwa na 11.

Niseme pia udhaifu wa hesabu hii, kwa sababu sitaki uipokee kama amri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwapa madaktari wengi picha zilezile wazipe alama. Hesabu ilikamata asilimia 91 ya mifupa iliyokuja kuvunjika. Lakini kati ya mifupa ambayo haikuvunjika, iliitambua sawasawa asilimia 35 tu; iliyobaki ilionekana kama ya hatari. Maana yake, inakosa wachache sana lakini inawatisha wengi ambao wangebaki wazima. Ndiyo maana daktari lazima aangalie na mtu mwenyewe: kansa yenyewe ni ipi, inasikia dawa kiasi gani, ana muda gani wa kuishi, mapafu yake yatastahimili operesheni au la. Mzee mmoja wa Katuba mwenye kansa ya tezi dume alikuwa na kidonda palepale kwenye trokanta, cheupe, katikati ya theluthi moja na mbili, na maumivu madogo: 3, na 1, na 1, na 2, jumla 7. Hatukumgusa kwa kisu. Alipata dawa za homoni, anatembea na fimbo, na hiyo ndiyo iliyokuwa tiba yake sahihi.

Kwa mama yule hapakuwa na ubishi. Kilichobaki kilikuwa kuhakikisha tunachokitia chuma ni kweli kansa ya titi iliyohama. Hapa ndipo wapasuaji wenzangu wanapokosea vibaya. Kidonda kimoja peke yake kwa mtu ambaye hajawahi kujulikana na kansa kinaweza kuwa kansa iliyozaliwa ndani ya mfupa wenyewe, na ukipitisha chuma katikati yake unaisambaza paja zima. Mguu ambao ungeweza kuokolewa unakwenda. Mtu wa namna hiyo anatolewa kwanza kipande cha nyama kikapimwe, na chuma kinasubiri. Lakini mama alikuwa na historia, na picha ya mgongo ilionyesha madoa mengine mawili. Tuliamua kutia chuma na kupeleka nyama ya shimo kupimwa siku hiyohiyo.

Operesheni yenyewe tunaijua. Ni msumari mrefu unaopita ndani ya uboho kutoka nyonga hadi karibu na goti, na skrubu zinazopanda kwenye shingo na kichwa cha mfupa. Mrefu, kwa sababu ugonjwa unaweza kutokeza tena chini kidogo ndani ya mfupa uleule. Bamba la kufungia ubavuni halifai hapo: linategemea mfupa ujiunge, na mfupa wenye kansa mara nyingi haujiungi, kwa hiyo bamba linachoka na kukatika. Jeraha likishapona, kama wiki mbili baadaye, ndipo mionzi inafuata. Mionzi peke yake isingemtosha. Hutuliza maumivu baada ya wiki chache, lakini mfupa huhitaji miezi kuwa mgumu tena, na katika muda huo mtu anasikia nafuu na anakanyaga kwa ujasiri mfupa ambao bado ni ganda.

Basi kwa nini hatukumfanyia? Kwa sababu hospitali yetu ina orodha mbili. Dharura huingia chumba cha operesheni kwanza, na familia hupewa muda wa kulipa baadaye. Operesheni za kupangwa husubiri zamu, na amana hulipwa kwanza. Mfupa uliovunjika ni dharura. Mfupa ambao haujavunjika ni wa kupangwa. Kijana aliyeanguka na pikipiki wiki ileile alifanyiwa baada ya siku mbili, na ilikuwa haki yake. Mama aliandikwa kwa siku ya 19, na karatasi hiyo niliitia sahihi mimi.

Siku ya 11, nyumbani, akiwa na magongo yake, aligeuka kuchukua ndoo ya maji iliyokuwa nyuma yake. Hakuanguka kwanza. Binti yake alisikia mlio kama wa kuni kavu, ndipo mama akaenda chini. Mara nyingi ni kujipinda namna hiyo kunakomaliza mfupa wenye shimo, mguu ukiwa umesimama na mwili ukigeuka.

Sasa akawa dharura. Lakini alikuwa amepoteza damu nyingi ndani ya paja, tukatafuta damu siku nne, kifua kikaingia homa, na tulimtia msumari siku ya 13 baada ya kuvunjika. Kidonda cha kulalia kilikuwa kimeshafunguka kiunoni. Dawa zake za kansa zilisimama muda wote huo. Hakurudi sokoni, na hakutembea tena bila kushikiliwa hadi alipofariki.

Mheshimiwa, siombi mashine. Ninaomba waraka mmoja kwa hospitali za mkoa, wenye mambo mawili. La kwanza: mgonjwa wa kansa mwenye alama 9 au zaidi kwenye mguu, anayeumia anapokanyaga, ambaye mpasuaji amemwona anafaa kutiwa chuma, aandikwe kwenye orodha ya dharura na afanyiwe ndani ya wiki moja, kwa masharti yaleyale ya malipo kama aliyevunjika. La pili: karatasi ya kuomba picha kwenye vituo vya afya iongezwe maswali mawili tu, “Amewahi kuugua kansa?” na “Anaumia anapokanyaga?” Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, ipigwe picha ya paja zima pamoja na nyonga.

Ninapoandika barua hii kuna mwalimu mstaafu kutoka Kipushi kwenye chumba chetu. Kansa ya figo, shimo jeusi katikati ya paja, linalokula zaidi kidogo ya theluthi moja, na hawezi kukanyaga bila kulia: 2, 3, 3, na 2, jumla 10. Vidonda vya figo hutoa damu kama bomba, kwa hiyo tumemwekea chupa nne kwenye friji. Damu haikai humo zaidi ya siku 35. Kwenye orodha yetu ya kupangwa yeye ni wa wiki ya tano.

Daktari wa upasuaji wa mifupa,
Lubumbashi