Barua kwa mwanangu: usiwaache watoto ndani ya maji

Mwanangu,

Nimefurahi uliponiambia umepewa darasa la watoto wadogo, na kwamba somo lako la kwanza ni Nuhu na kutunza wanyama. Lakini tangu siku hiyo sina raha, maana nakujua unavyokimbiza mambo. Naogopa dakika zako 40 zitakwisha mvua ikiwa bado inanyesha, na watoto warudi nyumbani na picha moja tu kichwani: mlango umefungwa na maji yanapanda. Mtoto wa miaka sita halali na picha hiyo.

Fungua Mwanzo 7:11 kisha 8:14, uhesabu mwenyewe. Gharika ilianza mwezi wa pili, siku ya 17. Nchi ilikauka mwaka uliofuata, mwezi uleule wa pili, siku ya 27. Ni mwaka mzima na siku kumi, na mvua yenyewe ilinyesha siku 40 tu. Waulize watoto: siku ya 41, Nuhu aliamka akafanya nini? Usiwajibie. Wataanza wenyewe: aliwapa chakula, aliwapa maji, aliondoa kinyesi. Hapo ndipo uwasomee 6:21, ambapo Mungu anamwambia akusanye chakula, chake na cha wanyama, kabla hata tone moja halijaanguka. Nimeona walimu wengi wakiruka mstari huo ili wafike haraka kwenye twiga wawili wanaochungulia dirishani, na mimi naona somo la kutunza wanyama limo humo kuliko kwenye twiga.

Usiache pia 8:9. Njiwa amerudi hakupata mahali pa kutua, Nuhu ananyosha mkono, anamshika na kumwingiza ndani kwake. Waoneshe kwa mikono yako jinsi ndege anavyoshikwa, kiganja kikiwa wazi kidogo, bila kumbana kifua, kwa sababu ndege akibanwa kifua hawezi kupumua. Waache wajaribu na kitambaa kilichokunjwa. Wataikumbuka kuliko maneno yako yote, na unaongea sana, mwanangu, ingawa unaongea vizuri.

Kuna mtoto atauliza: wale wanyama wengine walikosa nini? Lazima atauliza. Usimdanganye kwamba walikimbilia mahali pengine, maana maandiko hayasemi hivyo. Mwambie ukweli kwa sentensi moja, kwamba walikufa na ni jambo la kuhuzunisha, kisha umpeleke sura ya 9 palepale. Nakusihi, fika sura ya 9! Soma kuanzia mstari wa 8 hadi wa 17, na kila mtoto anyooshe mkono akisikia wanyama au kila chenye mwili kikitajwa. Mikono itapanda tena na tena. Ahadi ya upinde haikutolewa kwa watu peke yao, ndege na mifugo na wanyama wa porini wamo. Mtoto akilisikia hilo kwa masikio yake, swali la kwa nini tusimpige paka mawe linajijibu.

Mkubwa mmoja anaweza kukubana na 9:3: mbona tumeruhusiwa kuwala? Mkubalie kwamba tumeruhusiwa. Kisha msomee mstari wa 4, unaokataza nyama pamoja na damu yake, umwambie kwamba hata anayechinja amewekewa mpaka.

Kazi ya nyumbani iwe ndogo. Kila mmoja achague mnyama mmoja aliye karibu naye na ambadilishie maji kila siku kwa wiki nzima. Wakisahau siku ya tatu, na watasahau, usiwakaripie. Ongea nao juu ya siku ya 41. Ila waambie waziwazi wasimguse mbwa wasiyemjua. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili karibu hakuna anayepona. Na kinda mwenye manyoya aliyeko chini wamwache, mara nyingi mama yake yuko karibu.

Baba yako anasema unajua kufundisha na niache kukusumbua. Nami najua unajua, nilikusikia ukimsomesha mdogo wako hesabu. Lakini ipange saa yako, mvua iishe katika dakika ya kumi.

Mdogo wako anauliza funguo za sanduku la vitabu uliziweka wapi, tumetafuta kila droo. Na lile koti lako zito limebaki mlangoni, niambie kama nilitume au litakusubiri.

Mama yako