Taa za Dubai, bei yake ukifika Amu

Mhariri,

Juzi mlimwandika yule bwana aliyesema bidhaa ya Dubai ukiongeza ushuru wa asilimia 25 bado inakupa faida nzuri, nikacheka pekeyangu dukani manake hesabu hiyo hiyo ndo ilonikalisha.

Nilinunua taa za dari 40, shilingi 98,000 za Kenya, 2,450 moja. Nikapiga asilimia 25 ya hiyo, 24,500, nikaona sawa, ntauza 4,500. Kumbe forodha hawaanzii bei ya dukani bana, wanaanzia bei ukijumlisha bima na nauli ya meli mpaka Mombasa. Nauli 20,000, bima 2,000, kwa hivo wao wanahesabu 120,000. Ushuru ukawa 30,000. Halafu VAT asilimia 16 haikatwi kwenye 120,000, inakatwa kwenye 150,000, yaani unalipa kodi juu ya ushuru, 24,000 hiyo. Ada ya IDF, ile fomu ya kutangaza mzigo unaoingia nchini, asilimia 2.5 ni 3,000, na ya reli asilimia 2 ni 2,400, hizi mbili zinarudi kwenye 120,000. Jumla 59,400.

Ajenti aliniletea karatasi moja tu imeandikwa "kodi 75,000". Nikamwambia nipe slipu ya malipo ya KRA na ile entri ya forodha yenyewe, akazungukazunguka siku mbili, ikaja, 59,400 vilevile. Hiyo 15,600 ilikuwa yake, na bado alitaka ada yake 15,000 na VAT juu yake 2,400. Kwa hivo ndugu zangu kodi na ada ya ajenti zisikae mstari mmoja, na muulize muuzaji kule kama bei yake ina nauli ndani, isije ukaihesabu mara mbili ama usiihesabu kabisa.

Gharama za bandari na stoo zikala 9,000. Na ajenti akisema "mpaka mlangoni" muulize mlango upi, wangu alimaanisha mlango wa stoo Mombasa! Kutoka hapo lori mpaka Mokowe upande wa bara 8,000, boti ya kuvukia kisiwani na makuli 3,500, kisha punda kutoka gatini mpaka dukani 1,200, punda mmoja maboksi manne, yamefungwa kwa kamba ya mnazi, na mwenye punda akinifokea nisimguse.

Pigeni wenyewe: 120,000, na 59,400, na 17,400, na 9,000, na 12,700. Ni 218,500. Gawanya kwa 40 ni kama 5,460 taa moja, lakini mbili zilivunjika zikishushwa botini na ushuru wake nilishalipa, kwa hivo gawanya kwa 38, ni 5,750. Ile moja niliyomuuzia jirani 4,500 siku ya kwanza kabla sijapiga hesabu, iko kwenye baraza yake, inang'ara kila nikipita.

Mwenye duka, Langoni, Amu