Jumla ni moja, lakini VAT kwenye ankara na kwenye risiti hazilingani

Ndugu mshauri, habari za kazi.

Ninashika hesabu za duka la vifaa vya ofisi hapa Tabata, na tumesajiliwa VAT. Karatasi tunachukua kwa muuzaji wa jumla Kariakoo. Orodha yake ya bei ina maandishi mekundu chini: "Bei zote ni pamoja na VAT." Rimu ya A4 ni shilingi 11,800. Tuliagiza rimu 40, nikajua tutalipa 472,000.

Ankara ikaja na 556,960. Karani wao aliingiza 11,800 kwenye kompyuta kama bei kabla ya kodi, nayo ikaongeza asilimia 18, yaani 84,960, juu ya bei ambayo kodi imo tayari. Nilipompigia simu akaniambia, "Dada, VAT ni ya serikali, lazima iongezwe." Utadhani nimekataa kuilipa!

Bosi wake aliingilia, wakatoa ankara nyingine. Jumla sasa ni 472,000, ila mistari ya juu yake inasema bei kabla ya kodi ni 387,040 na VAT ni 84,960. Wamepiga asilimia 18 ya jumla nzima, wakaitoa. Ukipiga asilimia 18 ya hiyo 387,040 unapata 69,667 na senti kidogo, kwa hiyo ankara inajipinga yenyewe. Ninavyojua mimi, bei yenye kodi ndani ni mafungu 118, 100 ya bidhaa na 18 ya kodi. Gawa 472,000 kwa 118 upate 4,000, zidisha kwa 18: kodi ni 72,000, bidhaa ni 400,000.

Risiti ya EFD waliyotukatia inasema hivyo hivyo, 400,000 na 72,000. Basi nina karatasi mbili za mauzo yaleyale, zimepishana VAT kwa shilingi 12,960. Tofauti ya shilingi tano au sita huwa siisumbukii, maana hutokana na kukata senti kwenye bei ya kila rimu kabla ya kuzidisha. Hii si ya senti.

Bosi wangu anasema kwenye ritani ya mwezi tudai 84,960, kwa kuwa ankara ina VRN yao na yetu. Mimi naogopa. Muuzaji atakuwa ametangaza 72,000 kwa mujibu wa mashine yake, na TRA wakilinganisha, anayeulizwa ni sisi.

Naomba ushauri. Je, nidai 72,000 ya risiti na kuiacha ankara ilivyo kwenye faili, au nisidai chochote mpaka waitoe upya? Na nimweleze vipi bosi kwamba hiyo 12,960 haikuwahi kulipwa kama kodi, bila aone namkosesha hela?

Mshika hesabu, Tabata