Grafana ni bure, basi unalipia nini?

Sisi huwawekea wafanyabiashara wa sarafu za kidijitali mifumo ya kunasa na kuonesha bei. Mwezi huu wateja watatu wametuambia neno lile lile: Grafana, programu ya kuchora grafu, inapakuliwa bure, TimescaleDB, hifadhi ya data, nayo inapakuliwa bure, kwa hiyo bei yetu ni wizi. Mmoja alikwenda mbali zaidi. Alichukua lahajedwali lake la Google lenye bei za sarafu za kidijitali, akaliunganisha na Grafana kwa programu-jalizi iliyopo, akatutumia picha ya paneli zinazopendeza. "Nimemaliza mwenyewe," akaandika.

Hakumaliza. Seli ya bei kwenye lahajedwali hukumbuka bei moja tu, ya sasa. Ikija mpya, ya zamani imefutika. Roboti, yaani programu inayokununulia na kukuuzia yenyewe, ikinunua saa 4:47 usiku na asubuhi ukitaka kujua iliona bei gani, hakuna pa kutazama. Grafana haikusaidii hapo kwa sababu yenyewe haitunzi bei. Huchora kile ilichokikuta kwenye hifadhi.

Kazi tunayoitoza ni programu ya kunasa bei. Kila bei inayoingia tunaiandika mstari mpya wenye nyakati mbili: `ts_soko`, saa ambayo soko lenyewe liliipa bei hiyo, na `ts_kufika`, saa iliyotufikia. Wengi hutuomba tuache safu ya pili ili tupunguze gharama. Tunakataa, na sababu ni mteja mmoja wa mwaka jana.

Huyo alikuja amekasirika, akiamini soko linamwibia. Roboti yake ililenga kununua bitcoin kwa dola 64,120 ikapata kwa 64,310. Kwa kiasi cha 0.05, hiyo ni dola 9.50 zimepotea katika oda moja, na oda zilikuwa nyingi kila usiku. Tuliweka kinasa chetu kwenye laptopu yake, pembeni ya mfumo wake, ambao tuliongezea nyakati zile mbili. Kwetu bei ilifika chini ya nusu sekunde. Kwake tofauti ilianza ndogo jioni, ikakua polepole, hadi kufikia sekunde 11 usiku. Tofauti inayokua namna hiyo ni dalili ya foleni. Kila bei mpya ilipoingia, faili lake la Excel lilikokotoa upya fomula zote, na kadiri mistari ilivyoongezeka ndivyo kila bei ilivyosubiri zaidi. Roboti ilikuwa inanunua kwa bei iliyokwisha kupita. Soko halikumwibia hata senti.

Tulihamishia kazi kwenye seva, tukaiwekea roboti sharti la kutotuma oda kama bei ina umri wa zaidi ya sekunde 2, na umri huo tukauweka kwenye paneli ya kwanza kabisa, juu ya bei yenyewe. Saa ya seva lazima ilinganishwe na saa za mtandao muda wote. Ukiona umri unakuwa hasi, yaani bei imefika kabla haijatolewa, saa yako ndiyo mbovu. Tahadhari nayo lazima ilie hata data isipokuja kabisa, maana muunganisho ukikatika grafu hubaki imetulia na mtu hudhani soko limelala.

Lipo kosa jingine linalofanywa baada ya sisi kuondoka. Mteja alibadilisha paneli ya mtaji wake ioneshe wastani wa kila saa, kwa kuwa mstari ulionekana safi zaidi. Mtaji ulikuwa umefika kilele cha dola 5,000. Saa iliyofuata ulikuwa 4,900, ila kwa dakika mbili ulianguka hadi 4,310. Wastani wa saa hiyo ni kama 4,880, hivyo paneli ilimwonesha mporomoko wa asilimia 2.4. Mporomoko wa kweli ulikuwa asilimia 13.8. Alikuwa anajiandaa kukopa mara mbili zaidi kwa kuamini ile 2.4. Ndiyo maana sisi huandika hivi:

```sql
SELECT time_bucket('1 minute', ts_soko) AS time,
       min(mtaji) AS chini, max(mtaji) AS juu,
       last(mtaji, ts_soko) AS mwisho
FROM mtaji_mkakati
WHERE $__timeFilter(ts_soko)
GROUP BY 1 ORDER BY 1;
```

Mporomoko unapimwa kwa safu ya `chini` dhidi ya kilele cha `juu`. Ukivuta grafu hadi miezi sita, ongeza dakika ziwe saa ukitaka, lakini `min` na `max` zibaki.

Lahajedwali hatukatazi. Hesabu za mwisho wa mwezi, kodi, mgao wa wabia, fanya huko, tena tunakutolea faili la CSV bila malipo. Ila ukija na lahajedwali la mwaka mzima ukitaka tulirudishe kuwa bei za kila sekunde, jibu letu ni hapana kwa bei yoyote. Zile bei hazikuandikwa humo. Tunaanzia siku tutakayowasha kinasa.